Muhuri umelalia tarakimu: ankara zilizoskaniwa zinanipa jumla za uongo

DaftariLaStoo (Morogoro)

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada, jambo limenikwamisha wiki ya tatu sasa.

Nafanya kazi kwa msambazaji wa vifaa vya ujenzi. Tajiri anataka ankara zote za miaka mitatu ziingie kwenye mfumo mpya, namba kwa namba, siyo picha tu. Karatasi zimeshaskaniwa. Nimeandika programu ndogo kwa Python, inakata kila kisanduku cha jedwali na kukipeleka Tesseract isome. Ankara safi inasoma vizuri sana. Shida ni zile zilizopita mikononi mwa watu, na hizo ndizo karibu zote.

Mzigo ukifika stoo, ankara inagongwa muhuri wa mstatili, IMEPOKELEWA, wino wa bluu unaokaribia zambarau, na mtunza stoo anatia saini. Ikifika uhasibu inagongwa muhuri wa duara, IMELIPWA, na huo unapigwa palepale kwenye jumla. Juu ya hapo kuna tiki za kalamu kila mstari, na mara nyingine mtu kaandika kitu kwa mkono juu ya namba iliyochapwa.

Mifano ya jana tu. Jumla ya 450,000 imesomwa 1450,000, kwa sababu ubavu wa muhuri umesimama wima mbele ya 4 na programu ikauona ni 1. Nyingine ni 1,207,000 iliyotoka 1,287,000. Nilipokuza picha niliona ukingo wa duara umepita katikati ya sifuri, ukaigawa matumbo mawili. Ya tatu, mkia wa saini umegusa kichwa cha 1 kwenye 61,500 ikatoka 67,500.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Tesseract inatoa alama ya uhakika kwa kila neno, kuanzia 0 hadi 100. Nilipanga kila kilicho chini ya 80 akipitie mtu kwa macho. Ile 1,287,000 ilipewa 93. Kwa hiyo makosa yanapita mlangoni huku yanapigiwa saluti. Mnafanyaje nyie mliopitia haya?

---

Fundi_Pikseli

Mkuu hii ni kazi ya dakika kumi. Geuza picha iwe ya kijivu, piga Otsu itenganishe nyeusi na nyeupe, muhuri utapotea wenyewe maana wino wa muhuri umepauka kuliko tona ya printa. Ukiona bado upo, tafuta pikseli zote za bluu kwa HSV uzipake nyeupe. Mimi nilifanya hivyo kwenye fomu za usajili wa wanachama, zikatoka kama mpya.

```python
hsv = cv2.cvtColor(img, cv2.COLOR_BGR2HSV)
wino = cv2.inRange(hsv, (95, 50, 40), (165, 255, 255))
img[wino > 0] = (255, 255, 255)
```

---

Kisiwa88

Hata mimi natafuta namna ya kutoa muhuri kwenye PDF. Nina barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, tarehe kwenye muhuri imeshapitwa, nataka ule wa zamani utoke nigongewe mpya juu yake. Hiyo programu inakubali kwenye simu?

---

MzeeLeja (Tanga)

Kisiwa88 mwanangu, unachotaka kufanya ni kughushi, hata kama nia yako ni kuokoa nauli. Rudi ofisi ya mtaa wakuandikie barua nyingine. Mwenye uzi hafuti muhuri kwenye hati. Hati yake inabaki ilivyo, anachotaka ni kusoma namba iliyo chini ya muhuri.

Sasa wewe DaftariLaStoo. Nimekaa uhasibu miaka mingi kabla ya kustaafu, na nataka ujue kwamba muhuri wa IMELIPWA haukuangukia kwenye jumla kwa bahati mbaya. Tulifundishwa kuugonga pale makusudi. Ankara iliyolipwa lazima iuliwe, yaani ionekane waziwazi imekwisha kazi, ili mtu asiichomoe kwenye faili mwezi ujao akaileta ilipwe mara ya pili. Ukigonga pembeni, mtu anaweza kuukata ule upande au kuufunika akipiga fotokopi. Ndiyo maana mkono wa karani unakwenda wenyewe kwenye ile namba kubwa. Basi usitegemee kupata ankara ambazo muhuri umekwepa jumla. Panga kazi yako ukijua jumla itakuwa imefunikwa.

Na jumla siyo namba pekee kwenye karatasi. Kuna mistari juu yake. Jumlisha mistari ulinganishe.

---

DaftariLaStoo

Shikamoo Mzee, na asante, hilo la kuuliwa sikulijua. Nimekuwa nawalaumu wale dada wa uhasibu bure.

Fundi, nimejaribu yote mawili. Kijivu na Otsu imeharibu zaidi: muhuri umetoka mweusi kabisa, karibu sawa na herufi, na Otsu ikauweka upande wa maandishi. Ile ya kupaka nyeupe imefuta muhuri vizuri, lakini namba nazo zimekatika. Kuna 38,500 sasa inasomwa 33,500. Nimekuza picha: ukingo wa muhuri ulikuwa umepita ubavu wa kushoto wa 8, na ulipopakwa nyeupe ule ubavu ukaondoka nao. Kilichobaki ni 3 nzuri kabisa, hata mimi ningeisoma 3.

---

MamaKumbukumbu (Dodoma)

Nafanya kazi ya kuskani majalada mwaka wa kumi na mbili sasa, acha nieleze kidogo maana hapa ndipo wengi wanaangukia.

Fundi yuko sahihi kwamba kwa macho wino wa muhuri umepauka. Lakini ukigeuza picha kuwa kijivu kwa njia ya kawaida, rangi tatu hazihesabiwi sawa. Nyekundu inapewa uzito 0.299, kijani 0.587, na bluu 0.114 tu. Hesabu hiyo inafuata jicho la binadamu, haikutungwa kwa ajili ya wino wa mihuri. Chukua pikseli moja ya muhuri wako. Tuseme nyekundu ni 60, kijani 70, bluu 170. Kijivu chake kinatoka kama 78. Karatasi iko 240 huko juu, tona iko 30 au 40. Ukiwa 78 uko jirani na tona kuliko karatasi, ndiyo maana Otsu imeuchukua.

Sasa badala ya kuchanganya rangi, chukua ile iliyo kubwa kuliko zote kwa kila pikseli. Pikseli ileile ya muhuri inakuwa 170. Karatasi inabaki 240. Tona haina rangi yoyote inayong'aa, kwa hiyo inabaki chini, 40 au 45. Na hapa ndipo penye uzuri wake: pale muhuri ulipopita juu ya tarakimu, tona ya chini bado inameza mwanga wote, kwa hiyo pikseli inabaki nyeusi hata kama ina wino wa bluu juu yake. Tarakimu haikatiki. Njia ya kupaka nyeupe inakata kwa sababu zile pikseli za makutano zina weusi wenye chembe ya bluu, HSV inaziita bluu, nawe unazifuta pamoja na tona yake. Kwenye pikseli nyeusi sana rangi haiaminiki hata kidogo. Ndiyo maana ile 40 ya Fundi kwenye mwangaza ni ya chini mno.

```python
juu = img.max(axis=2)
_, safi = cv2.threshold(juu, 110, 255, cv2.THRESH_BINARY)
```

Hiyo 110 usiichukue kama ilivyo. Fungua ankara kumi, soma pikseli za tona, za muhuri na za kalamu, uweke kizingiti kati yake. Muhuri uliogongwa na pedi iliyojaa wino una kingo nzito, hata 95 unaweza kuziona. Na printa iliyokaribia kuishiwa tona inatoa namba za 100. Hapo makundi mawili yanapandana na hakuna kizingiti kitakachoyatenganisha. Ankara za namna hiyo zitenge mapema.

---

Fundi_Pikseli

Nimekuelewa mama, nimejifunza. Ila mbona nilisoma mahali kwamba unachukua chaneli nyekundu tu na inatosha?

---

MamaKumbukumbu

Inatosha kama muhuri ni mwekundu. Wino mwekundu unarudisha mwanga mwekundu, kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu unaonekana kama karatasi. Wa bluu ni kinyume chake: kwenye chaneli nyekundu ndiko unakotoka mweusi kuliko kote. Kwa wa bluu chukua chaneli ya bluu. Kwa ofisi yenye pedi mbili za rangi tofauti, kubwa ya zote inakuondolea kuchagua.

Skana nyingi za ofisi zina kitufe cha kuangusha rangi moja wakati wa kuskani. Kilitengenezwa kwa ajili ya fomu zilizochapwa vyumba vyekundu. Kwenye ankara usikiguse, nitaeleza sababu nikirudi, natoka kazini sasa.

---

Fundi_Pikseli

Sawa. Lakini kuna jambo jingine msilisahau, huenda skana yenyewe ndiyo inabadilisha namba. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, David Kriesel, alionyesha mashine za Xerox WorkCentre zikibadilisha namba kwenye michoro ya nyumba, bila muhuri wala nini.

---

MamaKumbukumbu

Kisa hicho ni cha kweli, ila chanzo chake ni kingine. Kule ilikuwa namna ya kubana faili, JBIG2, iliyokuwa ikiona vipande viwili vinafanana inahifadhi kimoja na kukirudia mahali pa kingine. Hapa tunaona kwa macho kwamba wino umeingia kwenye tarakimu. Hata hivyo umenikumbusha swali ambalo ningeliuliza kwanza. DaftariLaStoo, faili zako ziko katika hali gani? Andika hivi kwa faili moja ya kila mwaka:

```
pdfimages -list ankara.pdf
```

Tazama safu ya `color`, ya `bpc` na ya `enc`. Ukiona `rgb`, 8 na `jpeg`, tuna cha kufanyia kazi. Ukiona `gray`, 1 na `ccitt` au `jbig2`, picha ilihifadhiwa nyeusi na nyeupe tupu tangu skana. Muhuri na tarakimu ni weusi uleule mmoja, rangi haipo tena, na hakuna hesabu itakayoirudisha.

---

Klaringi_Mvita (Mombasa)

Jamani mimi niko kwa klaringi na hii shida naijua. Lakini zetu si kama zenu. Sisi nakala tunazopata ni zile za chini, za karatasi zinazojichapa zenyewe bila kaboni. Namba zenyewe ni za bluu! Bluu iliyofifia, na muhuri wa geti ni bluu, na sahihi ya dereva ni bluu. Nimejaribu hii ya kuchukua rangi kubwa hapa sasa hivi, karatasi yote imebaki nyeupe, namba zimeenda na muhuri. Nyinyi mngefanya aje?

---

MamaKumbukumbu

Ndugu yangu, kwako rangi haisaidii. Wakati mwingine bluu ya ile nakala inaelekea zambarau au kijani kidogo kuliko ya muhuri, na unaweza kuzitenganisha kwa tofauti ya rangi yenyewe badala ya mwangaza, lakini mimi nimefanikiwa kwa baadhi tu na kwa shida. Kama nakala ya juu, ile iliyochapwa kwa mashine, inabaki kwa mwenye meli au wakala, omba kuskani hiyo.

---

Klaringi_Mvita

Ya juu hatuoni kamwe, inabaki huko. Haya, tutaendelea kuchapa kwa mkono.

---

DaftariLaStoo

Nimerudi na habari nzuri na moja ya kutisha.

Nzuri: `pdfimages` inaonyesha miaka miwili ya mwisho ni `rgb` na `jpeg`. Nimetumia rangi kubwa kuliko zote, kizingiti nimeweka 105 baada ya kupima, na ile sifuri iliyokuwa 8 imerudi sifuri. 450,000 imerudi 450,000. Nimeongeza pia ushauri wa Mzee: programu inazidisha idadi kwa bei, inalinganisha na kiasi cha mstari, kisha inajumlisha mistari na kulinganisha na jumla. Ankara isiyokubali hesabu inatengwa. Jana nikaona karibu zote zinakubali, nikafurahi sana nikamwita hadi tajiri aone.

Ya kutisha: dada mmoja wa uhasibu alichukua ankara moja kati ya zile zilizokubali akaiweka kando ya daftari la malipo. Programu ilisoma hivi: saruji mifuko 120 kwa 16,500, ni 1,980,000. Nondo 60 kwa 24,000, ni 1,440,000. Misumari kilo 25 kwa 3,800, ni 95,000. Jumla 3,515,000. Kila kitu kimekaa sawa, hakuna hata senti iliyopotea.

Tulilipa 3,383,000.

Nikaenda kwenye kabati nikatoa karatasi yenyewe. Mtunza stoo alikuwa amekata 120 kwa mstari wa kalamu ya bluu, akaandika juu yake 112, akaweka herufi za jina lake. Mifuko minane ilikuwa imepasuka njiani. Chini ya jumla ameandika tena kwa mkono 3,383,000, na dereva wa muuzaji ametia saini kukubali. Yote kwa kalamu ya bluu. Na mimi nimefuta kila kilicho cha bluu kwenye ukurasa, nikabaki na ankara safi inayodai mifuko ambayo hatukupokea.

Nimekaa nikifikiria ni ngapi nyingine ziko hivyo kati ya zile nilizomwonyesha tajiri.

---

MzeeLeja

Pole sana. Afadhali umeiona sasa, kabla mfumo haujaanza kutoa taarifa za madeni.

Hebu tazama tofauti yako: 3,515,000 toa 3,383,000 ni 132,000. Gawanya kwa 16,500, bei ya mfuko mmoja, unapata 8 kamili bila baki. Tofauti ikigawanyika kwa bei ya bidhaa mojawapo kwenye ankara, jua kwanza ni mzigo pungufu au uliorudishwa. Kosa la kusoma lina sura nyingine. Ile yako ya 1,287,000 ilipishana na ukweli kwa 80,000, tarakimu moja ikifuatwa na sifuri tupu. Ile ya 67,500 ilipishana kwa 6,000, sura ileile. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, tofauti huwa hivyo daima, na inakuonyesha hata ni safu ipi ya kukuza. Zamani tulikuwa na ya tatu: tofauti ikigawanyika kwa 9, karani amegeuza tarakimu mbili, ameandika 54 badala ya 45. Hiyo ni ya mikono ya watu wanaochapa, mashine haifanyi hivyo sana.

Kwa hiyo chukua daftari la malipo, liweke kando ya kila jumla uliyosoma, upange tofauti kwa sura zake. Kwa zile ulizokwisha kuzipitisha, huo ndio wavu utakaokuonyesha ziko ngapi.

---

MamaKumbukumbu

Mzee umesema vizuri, niongeze tahadhari moja tu: 0 ikisomwa 9 inatoa tofauti ya 90,000 au 9,000, nayo inagawanyika kwa 9. Na 6,000 inaweza kuwa kilo mbili za kitu cha 3,000. Kwa hiyo sura ya tofauti inakuambia utazame wapi kwanza, halafu lazima ufungue picha.

Sasa nimalizie nilichoacha juzi, na naumia kwamba sikukisema siku ile. Sababu ya kutokugusa kitufe cha kuangusha rangi ni hiyohiyo iliyokupata. Muhuri na kalamu vinatumia rangi moja, lakini kazi zake ni tofauti. Muhuri uliolalia tarakimu unakuzuia kuona namba. Kalamu iliyolalia tarakimu mara nyingi inakuambia namba hiyo siyo tena. Ukifuta vyote kwa mkupuo mmoja, unaondoa uchafu pamoja na masahihisho, na hesabu itakubali daima kwa sababu muuzaji aliijumlisha vizuri kabla ya kuichapa. Hesabu inapima kama umesoma kilichochapwa. Haiwezi kupima kama kilichochapwa bado ni kweli.

Kwa hiyo tabaka la wino usilitupe. Lihifadhi kando:

```python
hsv = cv2.cvtColor(img, cv2.COLOR_BGR2HSV)
wino = cv2.inRange(hsv, (95, 50, 90), (165, 255, 240))
wino = cv2.morphologyEx(wino, cv2.MORPH_OPEN, np.ones((3, 3), np.uint8))
```

Mstari wa tatu unaondoa vumbi la rangi linalotokea kwenye kingo za herufi nyeusi. JPEG mara nyingi inahifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, kwa hiyo kila tarakimu inapata pindo jembamba la rangi ya uongo.

Kisha namba unasoma kwenye tabaka safi, na kwa kila kisanduku unahesabu pikseli za wino zilizomo ndani yake na ukanda kidogo juu yake, maana watu huandika sahihisho juu ya namba waliyoikata. Kisanduku kisicho na wino, kipite. Kisanduku chenye wino, mpelekee mtu kipande cha picha ya rangi, siyo kile kilichosafishwa, akiwa na namba iliyosomwa pembeni. Anachagua moja: ni muhuri tu, ni tiki, au namba imebadilishwa. Ikibadilishwa anaandika iliyoandikwa kwa mkono.

---

Fundi_Pikseli

Lakini hapo jumla zote zitakwenda kwa mtu, maana zote zina muhuri. Si tumerudi kulekule kwenye kuchapa kwa mkono? Afadhali afundishe programu itambue umbo la muhuri. Ni mihuri miwili tu, maumbo yanajulikana, duara na mstatili. Wino unaolingana na umbo la muhuri ni muhuri, wino mwingine wote ni kalamu.

---

MamaKumbukumbu

Wazo ni zuri na kwa mihuri miwili linaweza kufanya kazi. Limewahi kunishinda pale muhuri ulipogongwa nusu, au ulipotelezeshwa ukatoa kingo mbili, au saini ilipopita katikati ya muhuri. Na saini juu ya muhuri ndiyo desturi yetu. Jaribu, lakini anza na visanduku vya idadi, siyo vya jumla. Huko muhuri haufiki sana, kwa hiyo wino ukionekana kwenye idadi ni tiki au sahihisho. Na jumla haihitaji mtu kuitazama kama idadi zote ni safi na daftari la malipo linakubali.

---

Fundi_Pikseli

Hapo nimekubali. Kuanzia kwenye idadi ni akili.

---

DaftariLaStoo

Nimefanya hivyo kwa mwezi mmoja wa ankara. Visanduku vya idadi vyenye wino vingi ni tiki, mtu anavipita kwa sekunde moja moja. Masahihisho ya kweli yanaonekana mara moja, kwa sababu yana mstari uliolala juu ya namba na maandishi juu yake. Kwenye mfumo nimeweka safu tatu: iliyochapwa, iliyoandikwa kwa mkono, iliyolipwa. Programu haichagui ipi ni sahihi.

Jambo dogo nililogundua mwenyewe, huenda likamsaidia mtu. Nilikuwa nimeilazimisha Tesseract itoe tarakimu tu:

```
tesseract kisanduku.png stdout --psm 7 -c tessedit_char_whitelist=0123456789,.
```

Nilidhani inapunguza makosa. Kumbe tiki ya kalamu nyeusi iliyokuwa ikisomwa V au mkwaju, ambavyo ningevikamata, ikawa inageuzwa 7 au 1 kwa sababu haikuruhusiwa kitu kingine. Sasa nasoma kila kisanduku mara mbili, na kizuizi na bila kizuizi. Yasipolingana, kinakwenda kwa mtu. Na kila namba lazima ikubali mpangilio wa koma. Ile 1450,000 ingekamatwa siku ya kwanza kwa hilo peke yake.

Yamebaki mawili yasiyo na dawa. Saini za kalamu nyeusi juu ya jumla nyeusi, hizo rangi haizitenganishi. Na mwaka wa kwanza wote: `pdfimages` inaonyesha 1 na `ccitt`. Aliyeskani alichagua nyeusi na nyeupe ili faili ziwe ndogo.

---

MamaKumbukumbu

Kwa kalamu nyeusi, iweke karatasi yenyewe chini ya skana kwa dpi 600, rangi kamili, uhifadhi PNG. Kalamu nyingi tunazoziita nyeusi zina zambarau au bluu ndani yake, na kwa macho huioni. Siyo zote. Zile za jeli zimenigomea.

Mwaka wa kwanza karatasi zipo?

---

DaftariLaStoo

Zipo, maboksi kumi na tisa, ghala la nyuma. Mawili yalinyeshewa masika iliyopita. Tajiri anasema niskani upya zile tu ambazo tofauti na daftari la malipo inagawanyika kwa bei ya bidhaa. Mimi naona zote ziskaniwe.

---

MzeeLeja

Zote. Ankara ambayo stoo ilisahihisha na uhasibu ukalipa bila kuona sahihisho haina tofauti yoyote na daftari. Hiyo utaiona kwenye karatasi tu, na ndiyo fedha ya tajiri wako iliyokwenda.

---

DaftariLaStoo

Hilo nitamwambia kwa maneno hayohayo kesho asubuhi. Naanza na yale maboksi mawili yaliyonyeshewa, wino wa muhuri umeshaanza kutawanyika kwenye kurasa za jirani.